Shajara ya mradi: ubao wa safari ya Proxima, Tabata

Jumamosi ya 1

Leo tumeanza rasmi. Darasa langu la tuisheni hapa Tabata lina ukuta mmoja mrefu ambao hauna kitu, na vijana wa kidato cha tatu wamekuwa wakiuliza kila wiki nyota ya karibu iko mbali kiasi gani na chombo tulichonacho kingechukua muda gani kufika, kwa hiyo nikasema basi tuandike ubao mkubwa wa manila, hesabu yote ionekane hatua kwa hatua, na mtu yeyote akiingia aweze kuikagua mwenyewe. Nataka kila namba iliyoko ukutani iwe na mahali ilipotoka.

Nyota yenyewe ni Proxima Centauri. Kwa macho huioni, ni hafifu mno, ila jirani yake mkubwa Rijili Kantori unaiona vizuri kabisa kutoka Dar, jioni za mwezi wa tano ukiangalia kusini, zile nyota mbili kali zinazoelekeza kwenye msalaba wa kusini, Rijili Kantori ndiyo ile kali zaidi. Proxima iko mitaa hiyohiyo ya anga, imeisogelea Jua kidogo kuliko wenzake. Iligunduliwa 1915 na Robert Innes akiwa Johannesburg, yaani ni nyota ya kusini kwetu huku, watu wa Ulaya hata kuiona kwao haichomozi.

Umbali wake ni miaka nuru 4.2465. Hapo ndipo pa kuanzia.

Kabla ya kuandika chochote nikawauliza mwaka nuru ni nini. Wengi wakasema ni muda. Nawaelewa kabisa, neno lenyewe lina mwaka ndani yake. Nikawaambia hebu fikirini mtu wa Kimara anavyosema kazini ni saa moja kwa mwendokasi, hapo hajakwambia saa, amekwambia umbali kwa kutumia muda wa gari analolijua. Mwaka nuru ni hivyohivyo, ni umbali ambao mwanga unatembea kwa mwaka mmoja, na gari lenyewe ni mwanga ambao hauna foleni, unakwenda kilomita 299,792.458 kila sekunde. Namba hiyo haina makadirio ndani yake, tangu 1983 mita yenyewe inafafanuliwa kwa kutumia kasi ya mwanga.

Kilichobaki ni sekunde za mwaka. Hapa darasa likagawanyika, wengine siku 365, wengine 365.25, mmoja akawa mkali kabisa kuhusu mwaka mrefu. Wanaastronomia wanatumia 365.25 kamili, kwa hiyo 365.25 mara 86,400 ni sekunde 31,557,600. Zidisha na kasi ya mwanga unapata kilomita 9,460,730,472,580.8, huo ndio mwaka nuru mmoja, trilioni tisa na nusu hivi. Ukitumia siku 365 unakosea chini ya sehemu moja kwa elfu, haibadilishi kitu kwenye safari hii, lakini mkianza na 365 kwenye kuzidisha halafu 365.25 kwenye kugawanya mtapata majibu yasiyolingana na mtapoteza nusu saa kutafuta kosa ambalo halipo. Chagua moja ukae nayo.

Mara 4.2465, tunapata kilomita trilioni 40 na kidogo. Nimeandika kwa laptopu ili waone:

```python
c = 299792.458            # km kwa sekunde
mwaka = 365.25 * 86400    # sekunde
mn = c * mwaka            # km za mwaka nuru mmoja
umbali = 4.2465 * mn
print(umbali)
print(umbali / 17 / mwaka)
```

Mstari wa kwanza ulileta 40174991951814 na nukta zake, wa pili 74886 na nukta zake. Hiyo 17 ni kasi ya Voyager 1, kilomita 17 kwa sekunde, chombo kilichorushwa Septemba 5, 1977 na ndicho kinachokwenda kasi kuliko vyote vitano vinavyotoka kwenye mfumo wa Jua. Yaani kama kingeelekezwa Proxima, miaka kama elfu sabini na tano. Hakielekei huko lakini, kimeelekea upande mwingine kabisa wa anga, tunachukua kasi yake tu.

Tukaishia hapo maana umeme ulikatika.


Jumamosi ya 2

Nimefika nikakuta ubao umeandikwa tayari, vijana wawili walikuja mapema na makapeni zao, na kwenye manila kuna miaka milioni 656. Kwa herufi nzuri, imepigiwa mstari mara mbili.

Sikuifuta. Nikawaambia tukae tuitafute njia iliyowafikisha hapo. Walikuwa wamesoma mahali kasi ya Voyager kwa saa, kilomita 61,200 kwa saa, ambayo ni sawa kabisa maana 17 mara 3,600 ndiyo hiyo. Wakachukua kilomita trilioni 40.175 wakagawanya kwa 61,200, wakapata 656,454,000 hivi, na hesabu ya kugawanya haina kosa lolote. Ila ukigawanya kilomita kwa kilomita za saa, kinachotoka ni saa. Wao wakaandika miaka. Zile saa milioni 656 ukizigawanya kwa 8,766, ndizo saa za mwaka mmoja, unarudi palepale 74,886.

Kingine nilichokiona ni kwamba mmoja wao alinakili kutoka eksel na kwenye karatasi yake ya pembeni ameandika umbali ni kilomita 4.0175. Skrini ilisomeka 4.0175E+13. Ile E+13 akaona kama alama ya makosa akaiacha. Nikamuonyesha kwenye kalkuleta yake ya shule, pale kuna mara kumi kipeo cha 13, ni kitu kilekile, laptopu haina nafasi ya kuandika kipeo juu kwa hiyo inatumia E. Nukta inasogea nafasi 13 kwenda kulia. Tukaisogeza kwa kidole mmoja mmoja, tukihesabu kwa sauti, mpaka ikatoka 40,175,000,000,000.

Lakini swali langu kubwa lilikuwa hili, ungejuaje kwamba milioni 656 ni kosa bila mimi kuja kukwambia? Maana namba zikiwa kubwa namna hii zote zinaonekana sawa tu, elfu sabini na milioni mia sita zote ni "miaka mingi". Hapo nikawapa njia ambayo naipenda kuliko zote kwenye mradi huu wote, nayo haihitaji kilomita hata moja. Mwanga unachukua miaka 4.2465. Chombo ni cha polepole kuliko mwanga mara ngapi? 299,792 gawanya kwa 17, mara 17,635. Basi kitachukua muda mara 17,635 zaidi: 17,635 mara 4.2465, unapata 74,887, na ile moja iliyozidi ni kwa sababu tumeikadiria nukta kwenda juu. Kwisha. Hakuna trilioni, hakuna sekunde za mwaka, hata siku 365 au 365.25 haina nafasi. Na kichwani unaweza kufanya kwa makadirio, elfu kumi na saba mara nne, kama elfu sabini. Mtu akikuletea milioni unajua papo hapo kuna saa zimejificha humo.

Kijana aliyeandika milioni 656 akaomba afute mwenyewe. Tumeacha alama yake kwa mbali chini ya namba mpya, na pembeni ameandika "hizi zilikuwa saa".


Jumatano jioni

Leo haikuwa siku ya mradi lakini walibaki baada ya kipindi kwa hiyo tukatoka nje kufanya kipimo cha uwanja.

Skeli yetu: umbali wa Dunia na Jua ni mita moja. Jua tukaliweka kwenye mguu wa mlango, kwa ukubwa huo Jua lenyewe halifiki hata sentimita moja, tukabandika punje ya mahindi. Dunia mita moja, pale kwenye ngazi. Neptuni mita 30, inaangukia nje ya geti, na Voyager 1 iko kama mita 170, hiyo tulienda na tepu ya fundi tukipokezana mpaka duka la mangi, tukaweka kifuniko cha soda chini ukutani. Mangi akauliza ni nini hicho, akaambiwa ni chombo kilichotoka Marekani 1977, akasema basi kikae.

Na Proxima kwa skeli hiyohiyo? Mwaka nuru mmoja una umbali wa Dunia na Jua mara 63,241. Mara 4.2465 ni 268,553. Yaani kilomita 268 na nusu kutoka mlangoni kwetu. Ukitoka Dar kwa barabara umeshaiacha Morogoro nyuma. Wote walinyamaza, maana kila mmoja ameshapanda basi la Morogoro na anajua ile njia ilivyo, Chalinze ile, na hapa Voyager baada ya karibu miaka 50 imefika kwa mangi.

Binti mmoja akauliza kwa mwaka inasogea kiasi gani kwenye skeli yetu. Tukapiga: kilomita 17 mara sekunde 31,557,600 ni kilomita milioni 536 na kidogo kwa mwaka, na mita yetu moja ni kilomita milioni 149.6, kwa hiyo mita 3.586. Akachukua tepu akapima mita tatu na sentimita 59 kutoka kwenye kifuniko kwenda mbele, akachora mstari kwa chaki akaandika mwakani. Halafu bila kuambiwa akagawanya 268,553 kwa 3.586, akapata elfu 74 na mia nane themanini na kitu. Njia ya tatu, jibu lilelile. Nimefurahi sana kwa kweli, kwa sababu sasa ile namba inasimama kwa miguu yake.


Jumamosi ya 3

Leo ndiyo siku ambayo ubao umebadilika, na sikutegemea.

Tulianza na swali la kijana mmoja kuhusu Parker. Amesoma kwamba Desemba 24, 2024 chombo cha Parker kilipita karibu na Jua kwa kilomita 692,000 kwa saa, sawa na 192 kwa sekunde, sasa kwa nini tunatumia Voyager wakati kuna chombo cha haraka mara kumi na moja? Akaweka hesabu, 299,792 gawanya 192 mara 4.2465, miaka 6,630. Hesabu safi. Tatizo ni kwamba ile kasi Parker haimiliki, ameazimwa na Jua. Anaanguka kuelekea Jua kama nazi inavyoanguka, kasi kubwa ni pale chini kabisa, halafu akipanda kurudi juu anairudisha yote, na hawezi kutoka kwenye mfumo wa Jua hata kidogo, anazunguka tu. Kasi ya kuweka kwenye hesabu ya nyota ni ile itakayobaki ukishatoka. Hata Voyager bado anavutwa nyuma kidogo, akifika mbali kabisa itabaki kama 16.7, na hapo miaka inakuwa elfu 76 na mia mbili hivi.

Tukadhani tumemaliza. Ndipo yule binti wa tepu akauliza, ticha, hiyo nyota imesimama?

Haijasimama. Na hapa niseme wazi, nilikuwa najua kwamba Proxima inatembea, ila sikuwahi kukaa chini nikaiweka kwenye hesabu hii, niliichukulia kama jambo dogo la pembeni. Proxima inatusogelea kwa kilomita 22.2 kwa sekunde. Wakati huohuo inakwenda kwa ubavu, kukatiza mbele yetu, kwa kilomita 23.8 kwa sekunde. Angalia hizo namba halafu angalia 17 ya Voyager. Nyota ina kasi kuliko chombo!

Tukaandika tena, safari hii nyota ikitembea, x ni upande wa kuja kwetu na y ni upande wa ubavu, umbali unapatikana kwa Pithagorasi ya kawaida:

```python
for t in range(0, 100001, 5000):
    x = 4.2465 - 22.2 / c * t
    y = 23.8 / c * t
    nyota = (x*x + y*y) ** 0.5
    chombo = 17 / c * t
    print(t, round(nyota, 2), round(chombo, 2))
```

Safu ya katikati ni umbali wa nyota kutoka Jua kwa miaka nuru, ya mwisho ni umbali ambao chombo kimeshatembea. Mwaka wa 30,000 nyota iko 3.13, imetusogelea kweli, chombo kiko 1.7. Mwaka wa 40,000 nyota 3.43, chombo 2.27. Hapo tofauti ni 1.16 na wote tulikuwa tumeinamia laptopu tukisubiri zikutane. Mwaka wa 50,000 nyota 4.01 chombo 2.84. Imeanza kutuacha. Mwaka wa 60,000 nyota 4.77 chombo 3.4. Na ule mwaka tulioupigia mstari ubaoni, wa elfu sabini na tano, chombo kimefika pale ilipokuwa nyota zamani, kwenye 4.25, na nyota yenyewe iko 6.1. Kimefika mahali patupu.

Tukajaribu kukilenga mbele, tukilengee pale nyota itakapokuwa, kama unavyokimbilia daladala inayokatiza, hukimbilii pale ilipo sasa. Kwenye jedwali tayari hilo lipo, maana tunalinganisha umbali tu, chombo tunakiruhusu kiende upande wowote kinaotaka. Na bado hakifiki. Siyo elfu 75, siyo elfu 80, hakuna mwaka wowote.

Nilikaa kimya pale mbele ya ubao kwa muda. Namba 74,886 nimeifundisha miaka mingi na kila hatua yake ni sahihi, na swali lake ni la nyota iliyogandishwa.

Sababu yake binti aliipata kabla yangu na ni rahisi ajabu. Siku ya kuondoka nyota iko mbele yako moja kwa moja, ubavu ni sifuri kwako na kwake. Siku ya kukutana lazima mwe mahali pamoja, kwa hiyo ubavuni mmetembea sawasawa kwa muda sawasawa. Nyota ubavuni inakwenda 23.8. Basi na wewe lazima utoe 23.8 kwa ubavu peke yake, hujaanza hata kwenda mbele. Chombo chenye jumla ya 17 hakina hiyo pesa ya kulipa.


Jumatatu

Nimekaa nayo jana usiku nikaiweka kwa umbo ambalo wanaweza kulitumia kwenye kalkuleta. Chombo chenye kasi v kinatumia 23.8 kwa ubavu, kinachobaki kwa kwenda mbele ni kipeuo cha pili cha v² − 23.8², na nyota inakuja yenyewe kwa 22.2, kwa hiyo mnakaribiana kwa jumla ya hivyo viwili:

```
t = 4.2465 * 299792.458 / (22.2 + sqrt(v^2 - 23.8^2))
```

Jibu linatoka kwa miaka moja kwa moja. Ukiweka 23.8 yenyewe, kipeuo kinakuwa sifuri, miaka 57,345, hicho ndicho chombo cha polepole kabisa kinachoweza kufika na kinafika kwa sababu nyota imekuja. Ukiweka 30 unapata kama 31,460, wakati njia ya zamani ya nyota iliyosimama ingekupa 42,436, yaani kwa chombo cha haraka mwendo wa nyota unakusaidia na kwa cha polepole unakunyima kabisa. Ukiweka 192 ni kama miaka 5,985. Kadiri kasi inavyopanda ndivyo njia mbili zinavyokaribiana, na kwa kitu chenye asilimia kumi ya kasi ya mwanga hutaona tofauti, ile ya kugawanya tu inatosha.

Mpaka wa hesabu hii ni kwamba tumechukua mistari iliyonyooka, hatujaweka mvuto wa nyota nyingine wala mzunguko wa galaksi. Kwa makumi ya maelfu ya miaka inakubalika, kwa mamilioni ya miaka isingekubalika.


Jumamosi ya 4

Manila ya pili imepanda. Ya kwanza tumeiacha ilivyo, na juu yake tumeandika kwa wino mwekundu "nyota ikiwa imesimama", ya pili inasema "nyota ikitembea". Chini ya ya pili kuna vyombo vyote vitano vinavyotoka, Voyager mbili, Pioneer mbili na New Horizons, na kwa kuwa Voyager 1 ndiyo ya haraka kuliko zote na ina 17, mbele ya kila kimoja kuna neno moja, hakifiki.

Mchana alikuja mama mmoja kumchukua mwanae, akasimama kusoma, akauliza hapa kwa nini hamjaandika miaka. Yule kijana wa milioni 656 akamkaribisha kiti, akasema mama subiri nikuonyeshe, akatoa kalkuleta yake, akaandika fomula polepole huku anamtajia kila namba ni ya nini, akafika kwenye v akaweka 17, akabonyeza alama ya sawa, akamgeuzia skrini. Imeandika Math ERROR. Akamwambia haijaharibika mama, mia mbili themanini na tisa ukitoa mia tano sitini na sita inabaki hasi, na hasi haina kipeuo, ndivyo kalkuleta inavyosema hakifiki. Mama akaichukua mkononi, akauliza na ukiweka ishirini na nne je, wakaanza kuandika upya.